Kikomo Kilikuwepo, Chewa Wakaisha: Kisa cha Newfoundland Kikisomwa Kigoma

Tangu uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hoja moja imekuwa ikirudi mara kwa mara katika mialo ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Katonga. Hoja hiyo inasema hivi: badala ya kufunga ziwa zima na kuwaacha watu bila kipato, wataalamu wakokotoe tani zinazoweza kuvuliwa kwa mwaka bila kuharibu uzazi wa samaki, tani hizo zigawanywe, na kila mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, avue fungu lake hadi liishe. Ni hoja yenye mantiki, na si ya kubezwa kwa sababu tu imetolewa na watu wenye haraka ya kurudi majini. Lakini imekwisha kujaribiwa mahali pengine, na nchi yenye meli za utafiti, wanasayansi wa kutosha, vyombo vya doria na sheria zinazotekelezwa, na matokeo yake yanastahili kusomwa kwa utulivu kabla ya kuiga.

Mahali hapo ni bahari ya mashariki mwa Kanada, karibu na kisiwa cha Newfoundland, na samaki anayehusika ni yule wa maji baridi ya Atlantiki ambaye maandishi ya Kiswahili humwita chewa. Kundi lake la kaskazini lilivuliwa kwa karne kadhaa, na kwa muda mrefu mavuno yalikuwa chini ya tani 300,000 kwa mwaka. Kuanzia miaka ya 1950 zikaja meli kubwa za kukokota nyavu kutoka Ulaya, zenye mitambo ya kusindika na kugandisha samaki humo humo, na mwaka 1968 mavuno yakafikia takribani tani 810,000. Hayakurudi tena huko. Yaliporomoka mwaka hadi mwaka, na tarehe 1 Januari 1977 Kanada ikatangaza mamlaka yake ya uvuvi hadi maili 200 kutoka pwani, ikazitoa meli nyingi za kigeni, na kuanza kuweka kikomo cha mavuno kwa tani. Kwa mtazamo wa wakati ule, tatizo lilikuwa limetatuliwa: mgeni ametoka, mwenye mali ameingia, na hesabu zinafanywa kila mwaka. Miaka 15 baadaye, tarehe 2 Julai 1992, waziri wa uvuvi John Crosbie alitangaza kuusimamisha uvuvi huo. Watu takribani 30,000 walipoteza kazi, wavuvi na wafanyakazi wa viwandani kwa pamoja, na kundi la samaki lililokuwa miongoni mwa makubwa kuliko yote duniani likawa limebaki sehemu ndogo sana ya lilivyokuwa.

Wizi wa samaki ulikuwepo, na hata kulikuwa na meli za kigeni zilizoendelea kuvua nje kidogo ya maili 200, pale ambapo miamba yenye samaki inachomoza kupita mpaka. Hata hivyo sehemu kubwa ya samaki waliokwisha walivuliwa ndani ya sheria, kwa vibali halali, chini ya kikomo kilichotangazwa na serikali, na hapo ndipo kisa hiki kinapopata uzito wake. Ili kueleza jambo hilo limewezekanaje, ni lazima kwanza kuiangalia hesabu yenyewe.

Hesabu ya mavuno endelevu ya juu

Dhana ya mavuno endelevu ya juu inaanzia kwenye jambo ambalo kila mfugaji analijua. Kundi likiwa dogo, wazazi ni wachache, kwa hiyo ongezeko la mwaka ni dogo. Kundi likiwa limejaa kiasi cha kutosheleza malisho yote, wanaozaliwa hufidia tu wanaokufa, kwa hiyo ongezeko ni dogo tena. Mahali fulani katikati ongezeko huwa kubwa kuliko kote, na ongezeko hilo ndilo linaloweza kuchukuliwa kila mwaka bila kupunguza mtaji. Milner Schaefer, mtafiti wa uvuvi wa Marekani, aliiweka dhana hii katika umbo rahisi la kihesabu mwaka 1954. Katika umbo hilo, kilele cha ongezeko hupatikana pale samaki wanapokuwa wamepunguzwa hadi nusu ya wingi wao wa asili.

Tuchukue mfano wa tarakimu tu, ambao si wa ziwa wala bahari yoyote. Tuseme maji fulani yanaweza kubeba samaki wa tani 100,000, na kwamba kundi likiwa dogo kabisa huongezeka kwa asilimia 40 kwa mwaka, kasi ambayo hupungua kadiri maji yanavyojaa. Wakiwepo tani 50,000, ongezeko la mwaka ni tani 10,000, na hicho ndicho kilele. Wakiwepo tani 80,000, ongezeko ni tani 6,400. Wakiwepo tani 20,000, ongezeko ni tani 6,400 vile vile. Hapa pana jambo la kwanza la kushika: mtu anayetazama mavuno peke yake, akaona tani 6,400 zikitua mwaloni kila mwaka bila kupungua, hawezi kujua kama amekaa upande wa neema au upande wa hatari. Mizani ya mwaloni haisemi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tuseme serikali imekokotoa kwa usahihi kabisa kwamba kilele ni tani 10,000, ikaweka kikomo hicho, na kila mvuvi akakiheshimu. Lakini wakati wa kuanza, samaki waliokuwepo majini hawakuwa tani 50,000 bali 45,000, kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya au makadirio yaliyopitiliza kidogo. Ongezeko la tani 45,000 ni tani 9,900. Zinavuliwa 10,000. Pengo ni tani 100 tu, na hakuna chombo duniani kinachoweza kuliona pengo hilo chini ya maji. Mwaka unaofuata pengo ni kubwa kidogo zaidi, na kwa namna hii inachukua takribani robo karne kushuka kutoka tani 45,000 hadi 40,000. Kutoka 40,000 hadi 30,000 ni miaka 13 hivi. Tani 30,000 zilizosalia huisha kwa takribani miaka 9, kwa kikomo kile kile, bila mtu yeyote kuongeza hata kilo moja.

Sababu ni kwamba tani 10,000 zisizobadilika ni fungu dogo la kundi kubwa, lakini ni fungu kubwa la kundi dogo. Kikomo cha tani kinabana mavuno, hakibani uwiano. Kadiri samaki wanavyopungua, tani zile zile zinazidi kuwa mzigo kwa wale waliobaki. Kosa la upande wa juu wa kilele hujirekebisha lenyewe, kwa maana ukivua kidogo kuliko unavyopaswa, samaki wanaongezeka na hasara yako ni mapato ya mwaka mmoja. Kosa la upande wa chini linajilisha lenyewe. Kwa hiyo anayelenga kilele hasa, akitumia kikomo kisichobadilika, amejiweka ukingoni mwa mteremko, na anategemea makadirio yake yasikosee kamwe kwenda upande mmoja.

Walichofanya Kanada kilikuwa bora kuliko hicho

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Kanada walianguka katika mtego huo, lakini haingekuwa haki. Wanasayansi wao waliyajua haya. Ndiyo maana hawakulenga kilele chenyewe, wala hawakuweka tani moja ya kudumu. Walichagua lengo la chini zaidi: kuishia pale ambapo juhudi ya ziada ya uvuvi inaongeza mavuno kwa sehemu ya kumi tu ya kile ambacho juhudi ya kwanza kabisa iliongeza. Kwa chewa hawa, lengo hilo lilimaanisha kuvua takribani samaki mmoja kati ya kila watano wenye umri wa kuvuliwa kwa mwaka. Tani zingepangwa upya kila mwaka kwa kuzidisha sehemu hiyo ya tano na makadirio mapya ya samaki waliopo. Samaki wakipungua, tani zinapungua. Kwenye karatasi, mtego niliouelezea umefungwa.

Ila sasa kila kitu kimehamia kwenye makadirio. Tuseme mtaalamu anaamini wapo samaki wa tani 1,000,000, naye anaruhusu 200,000. Kama kweli wapo tani 500,000, basi ameruhusu asilimia 40 akidhani ni asilimia 20, na kila mvuvi aliyetii kikomo ametii kosa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Newfoundland, na tarakimu za mfano huu haziko mbali na kilichotokea. Kikomo kilipanda hadi tani 266,000 katikati ya miaka ya 1980, na tathmini zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba sehemu iliyokuwa ikivuliwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya iliyokusudiwa.

Swali la maana kwetu, basi, ni kwa nini makadirio yalikosea kwa kiasi hicho, tena kwa upande mmoja, mwaka baada ya mwaka.

Samaki hawahesabiki. Kinachofanyika ni kukusanya rekodi za umri wa samaki waliovuliwa, kuzirudisha nyuma ili kukadiria kila kizazi kilikuwa na samaki wangapi, kisha kuziegemeza kwenye kipimo cha nje kinachosema kama wingi unapanda au unashuka. Ukweli ni kwamba kizazi kilichokwisha kupita hujulikana vizuri, kwa kuwa karibu wote wamekwisha kuvuliwa na kuandikwa. Kizazi cha sasa, ambacho ndicho kinachopangiwa kikomo, ndicho kisichojulikana, na kwa hicho kila kitu kinategemea kile kipimo cha nje.

Kanada walikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza kilitoka kwa meli kubwa za kukokota: tani ngapi zinapatikana kwa saa moja ya kukokota wavu. Cha pili kilitoka kwa meli ya utafiti, iliyokwenda kila msimu wa vuli ikishusha wavu katika maeneo yaliyopangwa kwa bahati nasibu, yenye samaki na yasiyo na samaki. Katika miaka ya 1980 vipimo hivi vilianza kuachana. Meli za biashara zilionyesha kwamba mavuno kwa saa yanapanda vizuri. Meli ya utafiti ilionyesha ukuaji mdogo sana, na matokeo yake yaliruka-ruka. Mwaka 1986, kwa mfano, ilipata samaki wengi kupita kiasi, na mwaka uliofuata ikashuka sana. Mtu mwenye vipimo viwili vinavyopingana, kimoja kimenyooka na kingine kinayumba, hujikuta akikiamini kilichonyooka. Wanasayansi walichukua mahali pa kati. Uamuzi huo ulionekana wa busara kwa wakati wake, nao ndio uliobeba kosa.

Meli za biashara hazitafuti samaki kwa bahati nasibu. Zinakwenda waliko. Wakati wa baridi chewa wa kaskazini hukusanyika kwa wingi kwenye kingo za kina kirefu ili kuzaa, na nahodha mwenye vifaa vya mwangwi, uzoefu wa miaka na mawasiliano na wenzake huwapata huko. Kundi likipungua kwa nusu, mkusanyiko haukondi kwa nusu. Eneo ndilo linalopungua, huku katikati ya mkusanyiko samaki wakibaki wamebanana vile vile. Wavu unaopita hapo katikati hupata tani zile zile kwa saa. Isitoshe, nahodha wa mwaka 1986 alikuwa na ujuzi na vifaa kuliko nahodha wa mwaka 1978, kwa hiyo saa yake moja haikuwa sawa na saa ya zamani. Kipimo kilikuwa kinapima ustadi wa mvuvi, kikasomwa kama wingi wa samaki.

Mvuvi wa Kigoma hahitaji kwenda Atlantiki kulielewa hili. Kipe kinachovua dagaa usiku wa giza hakimfuati dagaa. Kinawasha taa, na dagaa wanakuja. Taa ikiwa na nguvu zaidi, eneo linalovutwa ni kubwa zaidi. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za umeme wa jua na betri, na idadi yake kwa kila kipe si ile ya zamani. Ndoo zinazoshushwa asubuhi zinaweza kubaki zile zile kwa miaka huku ziwa likipungukiwa, kwa kuwa kila usiku dagaa waliotawanyika hukusanywa upya mbele ya wavu. Ndoo zikianza kupungua kweli, upungufu wa ziwa utakuwa umekwisha kuwa wa zamani.

Waliokuwa sahihi

Kulikuwa na kipimo cha tatu Newfoundland, nacho hakikuingizwa kwenye hesabu kwa uzito wake. Wavuvi wadogo wa pwani walitumia mitego mikubwa ya nyavu iliyofungwa mahali pamoja karibu na ufuko, wakisubiri chewa waje kila kiangazi wakiwafuata samaki wadogo wanaowala. Mtego hauwezi kumfuata samaki. Ukishuka mavuno, ni kwa sababu samaki hawakufika. Na katika miaka ya 1980, wakati meli kubwa zikishangilia, mavuno ya wavuvi hao yalishuka, na samaki waliopatikana walikuwa wadogo mwaka hadi mwaka. Walilalamika. Chama chao kiliwaagiza wanabiolojia wa kujitegemea wapitie tathmini za serikali, na ripoti yao ya mwaka 1986 ikasema kwamba wingi wa samaki umekadiriwa kupita kiasi. Jibu walilopewa kwa muda mrefu ni kwamba pengine maji ya pwani yalikuwa ya baridi zaidi, ndiyo maana samaki hawakukaribia.

Nionavyo mimi, hapa ndipo kisa kinapofundisha jambo ambalo hesabu pekee haiwezi kulifundisha. Malalamiko ya wavuvi wa pwani hayakuwa hisia dhidi ya sayansi. Yalikuwa takwimu kutoka kwenye chombo bora zaidi cha kupimia, kwa kuwa chombo kisichotembea hakidanganyi kuhusu eneo lililopungua. Lakini takwimu hizo hazikuja katika umbo la mfululizo wa miaka ulioandikwa vizuri, na kitu kisicho na mfululizo hakina mahali pa kuingia kwenye mlinganyo. Nahodha wa meli kubwa aliandika kila saa. Mvuvi wa pwani alikumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka 1989 wanasayansi wa serikali walirudia hesabu wakiwa na data mpya, na wakakiri kwamba uvuvi ulikuwa umezidi lengo kwa mbali. Kwa lengo lile lile la samaki mmoja kati ya watano, ushauri wao kwa mwaka huo ulikuwa tani zipatazo 125,000, yaani chini ya nusu ya kikomo cha mwaka uliotangulia. Serikali ikaweka 235,000.

Si kwamba mawaziri hawakuelewa. Viwanda vya kusindika vilikuwa vimejengwa kwa matarajio ya tani nyingi, miji mizima ilitegemea kazi hizo, na kukata nusu kwa mwaka mmoja kungeifunga baadhi yake. Zaidi ya hapo, kulikuwa na kanuni iliyokubaliwa kabla, iliyosema kwamba pale ushauri unapodai punguzo kubwa, basi mwaka wa kwanza lipunguzwe nusu ya njia ili watu wapate nafasi ya kujipanga. Kanuni hiyo ina utu ndani yake, na katika biashara nyingine ingekuwa ya maana. Kwa kundi la samaki lililo upande wa chini wa kilele, maana yake ni kwamba nusu ya kosa inaendelea kuvuliwa huku kundi likipungua, kwa hiyo mwaka unaofuata ushauri unashuka tena na kikomo kinaufukuzia kutoka nyuma. Jopo huru lililoongozwa na Leslie Harris liliripoti mwaka 1990 na kupendekeza kikomo kishushwe; serikali ikaweka takribani 197,000, kisha 190,000 kwa mwaka 1991. Mwaka 1992 ulianza na kikomo cha 185,000, ukakatwa hadi 120,000 mwezi Februari, na kufikia Julai ukawa sifuri. Katika miaka hiyo ya mwisho wavuvi wa pwani hawakuweza hata kulifikia fungu lao, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwa kengele: kikomo kisichofikiwa hakimzuii mtu yeyote.

Kuhusu chanzo, mjadala haukuisha mara moja. Maji ya eneo hilo yalikuwa ya baridi isiyo ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wapo waliosema baridi ndiyo iliyowaua au kuwahamisha samaki. Jeffrey Hutchings na Ransom Myers walijibu mwaka 1994 kwamba chewa hao walikwisha kupitia vipindi vya baridi kwa karne nyingi bila kuporomoka, na kwamba takwimu za vifo zinaelekeza kwenye uvuvi. Hoja yao naiona yenye nguvu, ingawa haiondoi uwezekano kwamba baridi ilimalizia kazi. Kundi lenye wazazi wa umri mwingi tofauti huweza kuvumilia miaka michache mibaya ya uzazi. Kundi lililobakiwa na vizazi viwili au vitatu vya vijana haliwezi. Chewa huchukua miaka mitano hadi saba kukomaa, na jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike dogo, kwa hiyo tani 100,000 za samaki wakubwa na tani 100,000 za samaki wadogo ni sawa kwenye mlinganyo wa Schaefer na si sawa hata kidogo baharini.

Uvuvi ulisimamishwa kwa miaka miwili, kwa matumaini kwamba ingetosha. Ulikaa hivyo, ukiacha mavuno madogo yaliyoruhusiwa kwa nyakati tofauti, kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2024 serikali ya Kanada iliuondoa rasmi usimamishaji huo na kuweka kikomo cha tani 18,000.

Kinachohamia Kigoma na kisichohamia

Dagaa si chewa. Huyu wetu wa Tanganyika anaishi muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukomaa ndani ya miezi. Kwa kundi kama hilo, tani zilizokokotolewa kutokana na takwimu za mwaka jana zinawahusu samaki ambao wengi wao hawapo tena. Wingi wake hutegemea sana pepo za kusini zinazovuma kati ya Mei na Septemba, ambazo huyachanganya maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Watafiti walichapisha mwaka 2003 ushahidi kwamba kadiri ziwa linavyopata joto, mchanganyiko huo unadhoofika na uzalishaji wa mimea midogo ya majini unapungua. Kama ni hivyo, ule uwezo wa maji kubeba samaki, ambao katika mfano wangu niliuweka kuwa tani 100,000 na kuuacha pale, hausimami. Kilele chenyewe kinashuka, na kikomo kilichokuwa sahihi kwa kizazi kilichopita kinaweza kuwa juu ya kilele kwa kizazi hiki bila mtu kukosea hesabu.

Pia tani zinahitaji mizani. Newfoundland samaki wengi walipita kwenye viwanda vichache vyenye kumbukumbu. Hapa dagaa wanashushwa katika mialo mingi, wanauzwa kwa ndoo na beseni kabla jua halijapanda, na ziwa linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kikomo cha tani kilichokubaliwa na nchi nne na kuhesabiwa kwa ndoo kingekuwa kikomo cha jina tu. Ndiyo maana usimamizi wa ziwa umeegemea juhudi: leseni, ukubwa wa matundu ya nyavu, marufuku ya makokoro, na sasa msimu wa kufunga.

Njia hii ina faida moja ambayo watetezi wa mgawo wa tani hawaisemi. Juhudi ikiwa imebanwa kweli, na samaki wakapungua, mavuno nayo hupungua, kwa hiyo fungu linalovuliwa halivimbi kama linavyovimba chini ya tani zisizobadilika. Udhaifu wake ni ule ule wa nahodha wa Newfoundland. Leseni inahesabu kipe, haihesabu taa. Miezi mitatu ya kufunga inahesabu usiku, haihesabu kile kinachoongezwa katika miezi tisa iliyobaki. Kipe kimoja cha leo kinaweza kuwa sawa na viwili vya zamani, na rejista ikaendelea kusomeka vile vile.

Anayetaka kujua ziwa liko upande gani wa kilele hatalijua kwa kuuliza ndoo ngapi zimeshuka. Anapaswa kuuliza wavuvi wamekwenda umbali gani na wamewasha taa ngapi kwa saa ngapi ili kuzipata. Anapaswa kupima urefu wa migebuka wanaouzwa, kwa kuwa migebuka hula dagaa, huishi miaka kadhaa, na hupungua urefu kabla ya kupungua idadi. Na anapaswa kutafuta vyombo visivyofuata samaki wala kuwavuta kwa mwanga, kama nyavu za kutega zinazowekwa mahali pale pale mwaka hadi mwaka, na kuviandikia mfululizo wake. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Kigoma, na kamati za usimamizi wa mialo zina watu wanaojua kuandika. Daftari lenye safu nne, yaani tarehe, idadi ya taa, saa za kuvua na ndoo, likijazwa na vipe vilevile kwa miaka mitano, lingeonyesha kama kila taa inaleta kidogo zaidi kuliko mwaka uliopita, hata pale ambapo ndoo za mwaloni hazijabadilika.